Ombi la kusajili laptopu kwa soketi ya waya, chumba B14

Kwa Ofisi ya Teknohama,

Hamjambo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 3, Uhandisi wa Umeme, na ninakaa bweni la wanawake, chumba B14. Naomba mnisajilie laptopu yangu itumie soketi ya mtandao iliyo kando ya kitanda changu, yenye lebo B14-2.

Jana jioni nilichomeka kebo. Taa ya kijani iliwaka, lakini laptopu ilijipa anwani `169.254.83.12`, yaani haikupewa anwani na mtandao wa chuo. Mwenzangu wa chumba, ambaye yake mlishaisajili, alichomeka kebo hiyohiyo kwenye soketi hiyohiyo ikashika papo hapo. Kwa hivyo sidhani waya una hitilafu.

Laptopu ni HP yenye Windows 11. Haina tundu la kebo, natumia adapta ya USB. Namba hii nimeisoma kwa `ipconfig /all`, nayo ni ya adapta, si ya waifai:

```
Physical Address: 00-00-5E-00-53-2A
```

Nina mradi wa kupakia kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, na waifai ya bweni hulegea sana usiku, wenzetu wote wakisharudi. Mkihitaji kuiona laptopu na kitambulisho, niko huru kesho kuanzia saa nne asubuhi; nitakuja navyo ofisini.

Nitashukuru sana kwa msaada wenu.

Mwanaisha
Chumba B14