Ripoti ya Maabara: Nguvu ya Blichi Inayotumika Wodini

Kwa: Matroni na Kamati ya Kuzuia na Kudhibiti Maambukizi
Kutoka: Maabara ya Kemia
Tarehe: 14 Machi 2024

Jibu kwa ufupi

Matroni, uliuliza kama blichi tunayochanganya kwa kipimo cha moja kwa sita (sehemu 1 ya blichi, sehemu 6 za maji) inatupa kweli klorini 0.5% ya kusafishia sakafu na vitanda. Chupa mpya ya stoo inakaribia. Chupa iliyokuwa dirishani kwenye chumba cha kufulia haifiki. Blichi ya kupima iliyonunuliwa sokoni wiki ambayo stoo iliishiwa haifai kabisa kwa kazi hiyo.

| Sampuli | Sodiamu haipokloraiti (g kwa mL 100) | Klorini inayofanya kazi | Ikichanganywa 1:6 |
|---|---|---|---|
| A: chupa mpya, stoo | 3.40% | 3.24% | 0.46% |
| B: kampuni ileile, imefunguliwa, dirishani | 2.31% | 2.20% | 0.31% |
| C: ya sokoni, kwenye chupa ya maji ya kunywa | 1.01% | 0.96% | 0.14% |

Lebo ya A na B imeandikwa sodiamu haipokloraiti 3.5%. Jedwali lililobandikwa wodini linaichukulia namba hiyo kana kwamba ni klorini 3.5%, na hivyo sivyo: haipokloraiti 3.5% ni sawa na klorini 3.33%. Hata chupa isiyo na kasoro yoyote, kwa kipimo hicho, itatoa 0.48% tu. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inaanza kabla jua halijagusa chupa.

Njia iliyotumika

Blichi haipimwi moja kwa moja. Tunaiacha itoe iodini kutoka kwenye potasiamu iodaidi, halafu tunapima iodini hiyo kwa sodiamu thayosalfeti yenye mkolezo unaojulikana:

```
ClO⁻ + 2I⁻ + 2H⁺ → I₂ + Cl⁻ + H₂O
I₂ + 2S₂O₃²⁻ → 2I⁻ + S₄O₆²⁻
```

Kwa hiyo moli 1 ya haipokloraiti hulingana na moli 2 za thayosalfeti.

Thayosalfeti ilitengenezwa kwa gramu 24.8 za fuwele katika lita moja ya maji yaliyokenekwa, yaliyochemshwa kwanza na kupozwa, pamoja na chembe ya sodiamu kaboneti ili isiharibike upesi. Fuwele hizo hazitegemewi kwa uzito wake, hivyo mkolezo ulihakikiwa kwa potasiamu iodeti: gramu 0.8917 katika mL 250.0, na mL 25.00 za mmumunyo huo zikachanganywa na gramu 2 za iodaidi na mL 5 za asidi ya salfuriki ya moli 1 kwa lita. Bureti ilisoma 25.25, 25.20 na 25.25 mL. Kwa kuwa moli 1 ya iodeti hulingana na moli 6 za thayosalfeti, mkolezo ni moli 0.09908 kwa lita.

Kila sampuli ya blichi, mL 25.00, ilizimuliwa hadi mL 250.0 kwenye flaski ya ujazo. Kisha mL 25.00 za mchanganyiko huo zikatiwa kwenye flaski ya koni, zikafuatiwa na gramu 2 za iodaidi, na mwisho mL 10 za asidi ya asetiki ya 20%. Mpangilio huo haubadilishwi. Asidi ikitangulia iodaidi, gesi ya klorini inatoka: anayefanya kazi anaivuta, na majibu yanashuka kwa sababu kilichopaswa kupimwa kimepotelea hewani. Iodaidi ya ziada ina kazi nyingine tena, inaishika iodini kama I₃⁻ isiruke kama mvuke wakati tunaendelea kudondosha.

Nimetumia asidi ya asetiki badala ya salfuriki kwa makusudi. Blichi inapozeeka, sehemu yake hugeuka kloreti. Katika asidi kali kloreti nayo huanza kutoa iodini polepole, na blichi iliyochakaa ingeonekana ina nguvu kuliko ilivyo. Kwa sampuli B hilo lilikuwa la kuangaliwa sana.

Kwa nini wanga huwekwa mwishoni

Wanafunzi wa fildi waliosaidia kazi hii waliuliza kwa nini wanga usiwekwe tangu mwanzo ili wote waone bluu. Naliandika hapa kwa kirefu maana ndipo titresheni hii inapoharibikia mara nyingi, na kwa sababu ripoti hii itatumika kufundishia.

Mara tu asidi inapoingia, flaski huwa ya kahawia kama chai ya rangi iliyotiwa majani mengi. Hiyo ni iodini, na wakati huo rangi yake yenyewe inatosha kutuongoza. Thayosalfeti inavyodondoka, kahawia hugeuka rangi ya machungwa, kisha manjano, kisha manjano hafifu ambayo huioni vizuri usipoweka karatasi nyeupe chini ya flaski. Hapo ndipo jicho linaposhindwa: kati ya manjano hafifu sana na kutokuwa na rangi hakuna mpaka unaoweza kuapia. Wanga unaletwa kwa ajili ya mililita moja au mbili hizo za mwisho.

Sehemu ya wanga iitwayo amilosi ni mnyororo mrefu uliojizungusha kama springi. Iodini pamoja na iodaidi hujipanga ndani ya springi hiyo, na mpangilio huo ndio unaotoa bluu nzito. Iodini ikiwa kidogo, huingia na kutoka kwa wepesi. Thayosalfeti ikimaliza iliyo nje, iliyo ndani hutoka mara moja na bluu hufutika kwa tone moja. Iodini ikiwa nyingi hali ni nyingine. Springi hujaa, minyororo hushikana, na hutokea chembe za bluu nyeusi zisizoyeyuka vizuri. Iodini iliyofungwa ndani ya chembe hizo haitoki upesi kukutana na thayosalfeti. Maji yanayozizunguka yanaweza kuwa yameshaisha iodini huku chembe bado zina yake. Aidha, wanga ukikaa muda mrefu ndani ya asidi huanza kuvunjika, na rangi yake huelekea wekundu badala ya bluu safi.

Tulilijaribu kwa sampuli A. Titresheni mbili zilifanywa wanga ukiwa ndani tangu mwanzo. Flaski iligeuka nyeusi mara moja, na baada ya kutikisa vipande vidogo vilionekana vimenata kwenye kioo juu ya mstari wa maji. Ya kwanza ilitulazimisha kuendelea kudondosha hadi 23.30 mL kwa sababu bluu haikutaka kuondoka. Ya pili ilionekana imeisha kwenye 22.95, flaski ikawekwa mezani, na kabla daftari halijajazwa ilikuwa bluu tena, kwa kuwa vipande vile vilikuwa vinaendelea kuachia iodini. Zilizofanywa inavyotakiwa zilisoma 23.05, 23.10 na 23.05. Tazameni kwamba kosa halikuelekea upande mmoja. Lingeelekea upande mmoja tungeweza kulisahihisha kwa hesabu. Kosa la namna hii haliwezi kusahihishwa.

Tulivyofanya: titresheni ya kwanza ni ya kubahatisha, kujua tu kikomo kiko wapi. Katika zinazofuata, kwa sampuli A tulisimama karibu na 21.5 mL rangi ikiwa manjano hafifu, tukaweka mL 2 za wanga wa 1% uliochemshwa siku hiyohiyo na kupoa, tukaendelea tone kwa tone hadi bluu ilipofutika. Wanga wa zamani haufai, unaota ukungu na bluu yake inafifia. Wanga ukiwekwa na flaski isigeuke bluu, maana yake kikomo kimeshapitwa na sampuli inaanza upya.

Bluu inaweza kurudi baada ya dakika kadhaa hata kazi ikiwa imefanyika vizuri, kwa sababu oksijeni ya hewani hutoa iodini mpya kwenye iodaidi iliyo ndani ya asidi. Hiyo haifukuzwi kwa thayosalfeti. Inayorudi ndani ya sekunde chache ndiyo ya kutiliwa shaka.

(Kwa wanaosoma vitabu vya mtihani: iodini ikiwa ndiyo iliyo kwenye bureti, wanga unaweza kuwekwa tangu mwanzo, maana iodini ya ziada haionekani hadi kikomo. Msichanganye hali hizo mbili.)

Hesabu

Kwa sampuli A, wastani ni 23.07 mL:

```
Thayosalfeti:  23.067 mL × 0.09908 = 2.2855 mmol
ClO⁻:          2.2855 ÷ 2          = 1.1427 mmol
Blichi asilia: mL 2.500 katika kila flaski
Mkolezo:       1.1427 ÷ 2.500      = 0.4571 mol/L
NaOCl:         0.4571 × 74.44      = 34.03 g/L  (3.40%)
Klorini:       0.4571 × 70.90      = 32.41 g/L  (3.24%)
```

Sampuli B ilisoma 15.60, 15.65 na 15.65 mL. Sampuli C ilisoma 6.85, 6.90 na 6.85. Flaski ya iodaidi na asidi bila blichi haikutoa bluu ilipotiwa wanga, kwa hiyo hakuna cha kupunguza kwenye majibu. Tone moja la bureti, mL 0.05, ni 0.2% ya kipimo cha A lakini 0.7% ya kipimo cha C. Hata hivyo C iko chini kiasi kwamba tone halibadilishi uamuzi.

Matumizi wodini

Chupa za stoo zichanganywe moja kwa tano: lita 2 za blichi kwa lita 10 za maji, zitakazotoa 0.54%. Jedwali la ukutani lirekebishwe hivyo na neno "klorini" liandikwe wazi pembeni ya namba.

Chupa B inaweza kumaliziwa wiki hii kwa kipimo cha moja kwa tatu, ambacho kinatoa 0.55%. Chupa nyingine zitolewe dirishani zirudi kabatini, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu kwa kalamu isiyofutika. Jua na joto ndivyo vinavyoila haipokloraiti. Chupa A na B zina namba moja ya toleo, hivyo sioni sababu ya kumlaumu aliyetuuzia.

Sampuli C isichanganywe kwa kipimo chochote. Hata sehemu 1 ya blichi kwa sehemu 1 ya maji ingetoa 0.48%, na chupa inayofuata kutoka meza ileile huenda isifanane nayo. Iliyobaki, kama lita 3, ipelekwe kufulia mashuka meupe.

Maabara itapima tena chupa moja ya stoo na moja iliyofunguliwa tarehe 15 Aprili. Thayosalfeti ya sasa itahakikiwa upya kwa iodeti siku hiyo kabla ya kutumika. Naomba chupa hizo ziletwe asubuhi zikiwa zimefungwa, pamoja na daftari la wodi linaloonyesha zilifunguliwa lini.