Ombi la kusimamiwa utafiti: msamiati wa wavuvi wa Tongoni

Shikamoo Daktari Mushi,

Natumaini u mzima wa afya na kazi zinaendelea vizuri. Naitwa Zuhura Bakari, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya awali ya Kiswahili hapa TATAKI. Muhula uliopita ulitufundisha somo la lahaja. Tulikuwa wengi mno ukumbini, kwa hiyo hutanikumbuka, na swali nililokuwa nalo sikupata ujasiri wa kuliuliza. Ndilo lililonifanya nikuandikie leo, kwa sababu nakuomba uwe msimamizi wa utafiti wangu wa mwaka huu.

Kwetu ni Tongoni, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Siku uliyoeleza jinsi Kiunguja kilivyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulizitaja lahaja zilizobaki pembeni, na Kimtang'ata ukakitaja. Daktari, ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia maneno ya nyumbani kwetu yakipewa jina darasani. Shuleni tulikuwa tunasahihishwa tu.

Likizo iliyofuata nilikwenda na daftari. Babu yangu mzaa mama ni mvuvi wa dema, na mpaka sasa anasuka mwenyewe. Nilikaa naye uani siku tatu akisuka, nikawa namuuliza kila kipande kinaitwaje: fito zinazoanza, zile zinazopita juu yake, ule mdomo mwembamba unaomruhusu samaki kuingia na kumzuia kutoka, sehemu inayofunguliwa wakati wa kumtoa. Hakuna kipande kisicho na jina. Nilipomwuliza lile tundu la kuingilia samaki, alinishika mkono akanipitisha vidole ndani, fito zikanibana nilipojaribu kuutoa, ndipo akanitajia jina lake. Neno hilo sitalisahau.

Niliporudi chuoni nikayalinganisha maneno hayo na Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Ya bahari yenyewe, kama bamvua na maji mafu, yamo. Vifaa vya jumla kama chelezo na chambo vimo pia. Lakini kati ya maneno 43 niliyoandika, 11 sikuyaona kabisa, na mengine 6 yamo kwa maana isiyofanana na ile aliyonieleza babu. Sijui bado kama ni maneno ya Kimtang'ata, au ni ya wavuvi wa pwani nzima, au ni ya babu na wenzake wachache tu. Hapo ndipo penye utafiti wangu: kukusanya msamiati wa uvuvi wa dema kwa wavuvi wa rika mbalimbali pale Tongoni, na kuona ni yapi vijana bado wanayatumia. Wengi wa rika langu wanavua kwa nyavu, na dema hawasuki.

Nimekuomba wewe kwa sababu ulituambia kuwa orodha ya maneno bila muktadha wa matumizi haisaidii sana, na mimi naona orodha yangu ina kasoro hiyo hiyo. Nina maneno, ila sentensi za watu wakiwa kazini ni chache. Ningependa unielekeze namna ya kurekodi mazungumzo ufukoni wakati wa kushusha samaki, na namna ya kuomba ridhaa ya wazee wasiopenda kuandika majina yao kwenye fomu. Pia nahofia kumtumia babu yangu kama mtoa taarifa mkuu. Naomba ushauri wako kama inafaa au nianze na wengine.

Nimeambatanisha pendekezo la utafiti la kurasa tatu pamoja na orodha ya maneno yote 43. Namba yangu ya usajili ipo ukurasa wa kwanza. Tunatakiwa kuwasilisha majina ya wasimamizi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Kama una nafasi, naomba dakika kumi na tano tu ofisini kwako Jumanne au Jumatano baada ya saa nane mchana, ambapo sina vipindi. Siku nyingine yoyote utakayoniambia nitajitahidi kufika. Endapo umeshapata wanafunzi wa kutosha mwaka huu, nitashukuru ukinielekeza kwa mwalimu mwingine anayeshughulika na lahaja.

Samahani kwa kuandika kirefu, na ahsante sana kwa somo la muhula uliopita.

Mwanafunzi wako,
Zuhura Bakari
Shahada ya Awali ya Kiswahili, mwaka wa tatu
Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam