Muhtasari wa Majaribio Matano ya Saikolojia kwa Wanachuo wa Mwaka wa Pili, Tanga

Muhtasari huu umeandaliwa kwa ajili ya wanachuo wa ualimu wanaojiandaa na mtihani wa saikolojia katika chuo chetu hapa Tanga. Kila jaribio limeelezwa kwa lengo, mbinu, matokeo na tathmini. Naomba tathmini isomwe kwa makini zaidi, kwa kuwa katika mtihani wa majaribio karatasi nyingi zilieleza matokeo vizuri, kisha zikamalizia kwa kudai kwamba sampuli ilikuwa ndogo, bila kusema udogo huo uliathiri nini. Hoja ya tathmini hupata alama pale inapoonyesha ni kipengele gani cha mbinu kilichozaa tatizo, na tatizo hilo linalegeza hitimisho lipi.

Milgram (1963): utiifu kwa mwenye mamlaka

Lengo la Stanley Milgram lilikuwa kupima mtu wa kawaida atafika wapi katika kumtii mwenye mamlaka anayemwamuru amuumize mtu asiye na hatia.

Washiriki walikuwa wanaume 40 wa New Haven na maeneo jirani, wenye umri wa miaka 20 hadi 50, ambao waliitika tangazo lililosema kuwa utafiti ni wa kumbukumbu na kujifunza. Walilipwa dola 4 na senti 50, na wakaambiwa kuwa fedha hiyo ni yao kwa kufika tu katika Chuo Kikuu cha Yale, lolote litakalotokea baadaye. Kura iliyopangwa mapema ilimfanya kila mshiriki kuwa mwalimu, na mshirika wa mtafiti kuwa mwanafunzi aliyefungwa kwenye kiti katika chumba cha pili. Mwanafunzi alipokosea jibu, mwalimu alitakiwa kubonyeza swichi ya umeme iliyo juu zaidi ya ile ya awali, katika mashine yenye swichi 30 kuanzia volti 15 hadi 450. Umeme haukumfikia mwanafunzi, lakini mwalimu hakulijua hilo. Alipositasita, mtafiti alimhimiza aendelee kwa maneno yaliyopangwa, yaleyale kwa kila mshiriki.

Hakuna aliyeacha kabla ya volti 300, na washiriki 26 kati ya 40, yaani asilimia 65, walifika 450. Wengi walitokwa na jasho, walitetemeka na kugugumia, na 14 walicheka kicheko cha wasiwasi, ambacho walieleza baadaye kuwa hakikutokana na furaha.

Nguvu ya jaribio hili ni udhibiti. Kwa kuwa kila mshiriki alikutana na mashine ileile, mwanafunzi yuleyule na mihimizo ileile, Milgram aliweza kubadilisha jambo moja tu na kulinganisha. Mtafiti alipotoa amri kwa simu badala ya kukaa chumbani, waliofika mwisho walishuka hadi asilimia 20 hivi. Ulinganisho huo unaonyesha kuwa utiifu ulitegemea sana mazingira, wala haukutokana na ukatili wa watu wale. Wapo wahakiki waliodai kwamba washiriki hawakuamini kuwa umeme ni wa kweli. Hoja hiyo ni ya haki, ila inapaswa kupimwa na jasho na mitetemo iliyoandikwa, kwani mtu anayejua kuwa anaigiza hafadhaiki kiasi hicho.

Kwa upande wa maadili, mwanasaikolojia Diana Baumrind alilalamika mwaka 1964 kwamba washiriki walidanganywa na kutiwa katika dhiki, na haki yao ya kujitoa ilififishwa na mihimizo yenyewe. Mwanachuo atakayetaja hoja hii aitaje pamoja na ukweli kwamba Milgram aliwaeleza washiriki jambo lilivyokuwa baada ya jaribio. Aidha, sampuli ilikuwa ya wanaume wa Marekani waliojitolea. Kuandika kwamba Tanga utiifu ungekuwa mkubwa zaidi kwa sababu tumelelewa kuwaheshimu wakubwa ni kutoa dhana inayostahili kupimwa, na iandikwe kama dhana.

Asch (1951): kufuata kundi

Solomon Asch alitaka kujua kama mtu atafuata jibu la kundi hata pale macho yake yanapomwonyesha kuwa si sahihi. Mshiriki alikaa na washirika wa mtafiti, akataja kwa sauti mstari upi kati ya mitatu unaolingana na mstari wa mfano. Katika raundi 12 kati ya 18 washirika walitoa kwa pamoja jibu lisilo sahihi. Washiriki walilifuata kundi katika takriban theluthi moja ya raundi hizo, na kama robo yao hawakulifuata hata mara moja; alipokuwapo mwenzao mmoja tu aliyejibu sahihi, ufuataji ulishuka sana. Kazi ilikuwa wazi, hivyo kosa haliwezi kuhusishwa na ugumu wa swali. Hata hivyo, urefu wa mistari haumgusi mtu kama linavyomgusa jambo la dini au la familia. Uchambuzi wa Bond na Smith wa mwaka 1996, uliojumuisha tafiti kutoka nchi 17, ulionyesha ufuataji mkubwa zaidi katika jamii zinazotanguliza kundi.

Loftus na Palmer (1974): maneno ya swali na kumbukumbu

Lengo lilikuwa kuchunguza kama neno moja katika swali linaweza kubadilisha kile shahidi anachokumbuka. Katika jaribio la kwanza, wanafunzi 45 walitazama filamu za ajali, kisha wakaulizwa mwendo wa magari, huku kitenzi cha swali kikibadilishwa. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kupondana walikadiria zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana walikadiria chini ya 32.

Tokeo hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa huenda kitenzi kilielekeza jibu tu na kumbukumbu ikabaki ilivyo. Ndiyo maana jaribio la pili ni muhimu. Wanafunzi 150 walitazama ajali moja, na baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, ambavyo filamuni havikuwapo. Waliosema ndiyo walikuwa 16 kati ya 50 katika kundi la kupondana, 7 katika kundi la kugongana, na 6 katika kundi linganishi, ambalo halikuwa limeulizwa kuhusu mwendo.

Udhaifu mkubwa ni kwamba mtu anayetazama filamu darasani hana hofu aliyonayo anayesimama kituoni Pongwe akaona daladala ikigonga bodaboda. Yuille na Cutshall, mwaka 1986, waliwahoji mashahidi wa tukio halisi la kupigana risasi nchini Kanada miezi kadhaa baadaye, na maswali ya kupotosha hayakuwayumbisha sana. Tofauti hiyo haifuti matokeo ya Loftus, inayawekea mpaka.

Bandura, Ross na Ross (1961): kuiga ukali

Watoto 72 wa shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, wavulana 36 na wasichana 36, waligawanywa: wengine walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujaza hewa, wengine walimwona akicheza kwa utulivu, na kundi linganishi halikuona mtu. Waliouona ukali waliuiga zaidi, na wavulana walizidi katika kupiga. Kabla ya hapo watoto walikuwa wamelinganishwa kwa ukali wao wa kawaida, na hili liliondoa shaka kwamba wakorofi walikusanyika kundi moja. Lakini mwanasesere yule ametengenezwa ili apigwe, na kumpiga hakuthibitishi kwamba mtoto atampiga mwenzake.

Watson na Rayner (1920): hofu ya kujifunza

Lengo lilikuwa kuonyesha kuwa hofu inaweza kufundishwa. Mtoto Albert, wa miezi 11, alionyeshwa panya mweupe ambaye hapo awali hakumwogopa, huku chuma kikigongwa nyuma yake. Baada ya mara chache alilia kwa kumwona panya peke yake, na hofu ikaenea kwa sungura na koti la manyoya. Mtoto mmoja hawezi kuwakilisha watoto wote, na hofu ilipimwa kwa macho ya watafiti wenyewe. Zaidi ya yote, Albert aliondoka bila hofu hiyo kuondolewa, ilhali mwaka 1924 Mary Cover Jones alionyesha kwamba hofu ya sungura inaweza kupunguzwa kwa kumsogeza mnyama kidogo kidogo wakati mtoto anakula.