Yah: Dai la bima kubwa, Toyota Noah, ajali ya 14 Machi 2025

30 Aprili 2025

Ndugu Mteja,

Pole tena kwa ajali ile ya Kibaha. Tumepitia dai lako la shilingi 3,850,000 na tunasikitika kwamba hatutalilipa. Makadirio ya gereji hayana tatizo, wala ripoti ya polisi. Kilichokwamisha ni leseni: ya dereva wako iliisha 2 Februari 2025, na mkataba wako unataka dereva awe na leseni hai siku ya ajali.

Kama ilihuishwa kabla ya ajali, tuletee uthibitisho pamoja na barua ya rufaa kabla ya Ijumaa, 30 Mei 2025, saa 10:00 jioni. Usiporidhika na uamuzi wa rufaa, unaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Idara ya Madai