Vielelezo vya Dai la Bima ya Mtandao: Hoteli ya Nungwi, 11 Machi 2025

Kwa Afisa Madai,

Hivi ni vielelezo vya shambulio lililofunga mafaili ya seva yetu ya buking. Hatukulipa fidia waliyodai wavamizi, wala hatukujibu ujumbe wao.

Tafadhali anzia kwenye saa. Seva huandika saa za hapa. Fayawoli huandika UTC, iliyo nyuma kwa saa 3. Ukisoma bila kulijua hilo, utadhani ni watu wawili waliingia siku mbili tofauti. Ni mmoja:

```
fayawoli: 2025-03-10T23:14:35Z ALLOW 203.0.113.45 -> 3389
seva: 2025-03-11 02:14:37 EventID=4624 LogonType=10
```

Saa 02:39 mvamizi alifuta logi za seva (tukio 1102). Hakujua kwamba nakala hutumwa papo hapo kwenye mashine nyingine, na hiyo ndiyo tunayowasilisha. Saa 02:41 mafaili yalianza kufungwa. Mhasibu wa usiku aligundua saa 04:05, wakati wa daku, akachomoa waya wa mtandao na kuiacha seva ikiwaka. Saa 09:20 tuliwapigia simu. Idhini yenu ya kumwita mtaalamu ilikuja kwa baruapepe saa 09:52. Mfumo ulirudi tarehe 13, saa 17:10.

Diski ilinakiliwa yote kabla ya kusafishwa. SHA-256 ya kila faili imo kwenye orodha iliyosainiwa na mtaalamu na meneja. Ripoti ya polisi ipo Kiambatisho C.

Mtauliza kuhusu uthibitisho wa hatua mbili, kwa kuwa fomu yetu ya Oktoba 2024 ilisema upo. Ulikuwepo kwa akaunti zote za wakati huo. Mvamizi alitumia akaunti ambayo mkandarasi wa programu aliifungua tarehe 7 Machi, bila uthibitisho huo na bila kutuarifu. Baruapepe zake zote zimo, hata zile zisizotupendeza.

Gharama, kwa shilingi:

Mtaalamu wa uchunguzi: 9,600,000
Kurejesha data: 6,200,000
Saa za ziada za wafanyakazi: 850,000
Mapato yaliyopotea: 13,200,000
Jumla: 29,850,000

Mapato yamehesabiwa baada ya kuondoa saa 12 za mwanzo, kama hati ya bima inavyotaka: 17,300,000, tukatoa 4,100,000 za chakula, dobi na kamisheni ambazo hatukuzitumia. Hatukulinganisha na Februari, maana mwezi huo wageni hujaa na hesabu ingetupendelea. Tumetumia siku za Ramadhani ya 2024, Kiambatisho E. Fayawoli mpya tuliyonunua baadaye haimo, kwani ni uboreshaji.

Tukiondoa 5,000,000 tunazobeba wenyewe, tunadai 24,850,000. Stakabadhi halisi ziko ofisini kwetu. Mkaguzi wenu anaweza kuja siku yoyote ya kazi.

Meneja Mkuu