Yah: Mswada wa riwaya "Ng'ombe wa Mwisho Haubi"

Mwalimu Athumani, shikamoo.

Natumaini hujambo wewe na wote hapo nyumbani, na kwamba mvua zimeshaanza vizuri huko Kondoa. Hapa Dodoma mjini tumepata mbili tu, na watu wa Mvumi wanasema bado hawajathubutu kumwaga mbegu.

Nianze na jibu lenyewe, maana najua umelingoja tangu mwezi wa nane ulipouleta mswada kwa mkono wako. Mwalimu, hatutauchapisha. Tumeusoma watu wawili, mimi na mhariri mwenzangu, kila mmoja kwa wakati wake, na tulipokutana tukajikuta tumefika mahali pamoja. Nasikitika kukuandikia hivyo, hasa kwa kuwa siku ile ulikaa ofisini kwetu zaidi ya saa nzima ukinieleza ulivyoiandika alfajiri, kabla watu wa nyumbani hawajaamka.

Barua yako ya kuusindikiza mswada ilisema kwamba tukikataa, tukuambie sababu. Ninayo moja. Lugha haina tatizo. Kiswahili chako ni safi, na yale maneno ya Kirangi uliyoyaacha midomoni mwa wazee yamekaa mahali pake. Urefu wa kurasa 268 hautusumbui. Wala hatukuogopa kwamba unagusa amri ya serikali. Hadithi ya mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa Kondoa ili ardhi ipone, inastahili riwaya. Mimi mwenyewe nimepita barabara ya Babati mara nyingi, nikayaona makorongo kwa dirisha la basi, na sikuwahi kujiuliza nani alilia ng'ombe walipoondoka. Baada ya kukusoma wewe, najiuliza kila ninapopita.

Sababu yetu ni Iddi. Msimulizi wako hayupo mahali hadithi inapotokea.

Ngoja nikuonyeshe kwa ukurasa wa 143, kwa sababu ndio ukurasa ulionifanya nishindwe kulala. Kesho yake ni siku ya mwisho ya kuondoa mifugo. Bi Mwajuma, mama yake Iddi, amemficha ng'ombe wake Madoa, mwenye mimba, ndani ya tembe, nyuma ya vilindo vya uwele, hatua tatu kutoka kwenye ngozi wanapolala watoto. Amechana upindo wa kanga yake na kuufunga kwenye ulimi wa kengele ili isilie. Mgambo wanapita nje na tochi. Mwanga unaingia kwenye ufa wa mlango, unatembea juu ya ukuta. Na Madoa, kama ng'ombe yeyote aliyetulia, anaanza kucheua. Katika ukimya ule sauti ya kucheua inajaa nyumba nzima. Bi Mwajuma anafanya kitu ambacho sikukitarajia kabisa: anakohoa. Anakohoa tena na tena, kikohozi kikavu, ili kuifunika ile sauti, mpaka Salima anaamka na kuuliza, "Mama, unaumwa?"

Hapo, Mwalimu, nilikuwa nimebana pumzi. Nikageuza ukurasa. Sentensi ya kwanza ya ukurasa wa 144 inasema: "Haya yote nilikuja kuyasikia mwaka uliofuata, nilipofunga shule."

Pumzi yote ikanitoka. Kumbe Iddi yuko bwenini, Dodoma mjini, amelala. Kumbe mambo yameshapita, mama ni mzima, watu wamekaa wanasimuliana. Ulikuwa umenikalisha kwenye ile ngozi pamoja na watoto, ukanishika mkono ukanitoa nje kabla sijajua mlango utafunguliwa au hautafunguliwa.

Nilirudi mwanzo nikahesabu. Riwaya ina mambo makubwa saba: mkutano wa kijiji ambapo amri inasomwa, usiku wa Madoa, safari ya kuwaswaga ng'ombe kuteremka nyikani, posa ya Salima inayovunjika kwa kukosa mahari, kifo cha Babu, korongo linalokata njia ya kisimani, na kurudi kwa majani. Katika yote hayo, Iddi yupo kwa macho yake katika moja tu, la mwisho. Mengine sita ameletewa na barua, na mjomba, au ameyasikia likizo. Ndiyo maana maneno "niliambiwa" na "nilisimuliwa" yanarudi karibu kila sura. Mwenzangu aliyapigia mstari kwa penseli. Alipofika sura ya tisa akaacha kuhesabu.

Nadhani najua ilivyotokea, na kama nimekosea utanisamehe. Uliniambia kwamba mwaka ule wewe mwenyewe ulikuwa shuleni, na kwamba uliporudi ukakuta zizi tupu. Umempa Iddi mahali pako pale pale, kwa uaminifu. Uliogopa kusema umeona usichokiona. Mwalimu wa historia lazima afanye hivyo. Ila Iddi si wewe, na riwaya inakuruhusu kumrudisha nyumbani.

Hata zile kurasa nne za sura ya pili, ambazo mwenzangu alitaka zikatwe, mimi naziona kuwa ni ugonjwa huo huo. Umeeleza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulivyoanza mwaka 1973, matuta yalivyochimbwa, miche ilivyopandwa, na kwa nini mifugo ikaja kuonekana kuwa mzigo kwa ardhi iliyokwisha kuchubuka. Yote ni ya kweli, na umeyaandika kwa uangalifu. Lakini yamekaa kama taarifa kwa sababu hakuna mtu wa kuyaona. Iddi angekuwepo, ungehitaji nusu ukurasa tu: mtoto anaenda kisimani kwa njia ile ile kila siku, na wiki moja anakuta njia imeishia hewani, korongo limeimeza. Msomaji angeelewa mmomonyoko bila kuelezwa.

Kwamba unaweza kuandika hivyo, ushahidi ni sura yako ya 22. Iddi anarudi, anaona majani pale palipokuwa na udongo mtupu, anachuchumaa, anayashika, anajaribu kung'oa moja na linakataa kutoka. Halafu anaangalia huku na huku, na hakuna hata ng'ombe mmoja wa kuyala. Hapo hukueleza kitu. Hukusema ilikuwa furaha au msiba. Laiti sura zote zingekuwa na macho hayo, barua hii ingekuwa ya kukuita uje tuzungumze mkataba.

Sasa, njia ya kutoka ni yako kuichagua. Kuna ya kumpa Bi Mwajuma hadithi yote, aisimulie yeye au umfuate wewe kwa karibu, na Iddi abaki kuwa mtoto aliye mbali anayeandikiwa barua. Ni njia nzuri na si ngumu sana, kwa sababu yule mama tayari anaishi.

Lakini mimi navutwa zaidi na ya pili: Iddi awepo. Amerudishwa ada, au shule imefungwa, au anaumwa; vyovyote. Shuleni amefundishwa kwamba mifugo imezidi na ardhi inakufa, na anaamini. Kwa maoni yake, amri ni sahihi. Sasa usiku ule amelala kwenye ile ngozi, anamsikia Madoa anacheua, anamsikia mama yake anakohoa, na anajua kwamba akitamka neno moja tu yote yamekwisha. Atafanya nini? Hapo ndipo riwaya yako ilipo, Mwalimu. Katika mswada huu Iddi hana kitu cha kuamua. Kila anapofika, wengine wameshaamua na wameshaumia. Mpe kikohozi. Namaanisha, labda ni yeye anayeanza kukohoa baada ya mama yake kuchoka, na hapo tutajua amesimama upande gani kabla yeye mwenyewe hajajua.

Nisikuchoshe. Ninachokuomba ni kwamba usianze kuandika upya kurasa zote 268. Chukua kurasa ya 143 hadi 151 tu, uziandike tena Iddi akiwa ndani ya nyumba. Halafu zisome kwa sauti mbele ya mtu aliyekuwepo. Aliyekuwa kijana wa miaka 25 mwaka 1979 sasa amevuka sabini, na kutoka kwako kwenda Haubi si mbali. Usimwulize historia; hiyo unayo. Mwulize nyumba inanukaje ng'ombe akilala ndani usiku kucha, na asubuhi mtu alisafisha vipi samadi bila jirani kujua. Kurasa hizo tisa zikikaa, utaona mwenyewe nyingine zinataka nini. Zisipokaa, utakuwa umepoteza wiki mbili, si mwaka mzima.

Ukiamua kuandika upya na ukataka tusome tena, nitasoma. Siahidi kwamba tutachapisha, kwa sababu sitaki ufanye kazi ya mwaka kwa ahadi isiyo na mguu. Naahidi kwamba utasomwa mwanzo hadi mwisho na kwamba nitakujibu mimi mwenyewe. Pia uko huru kabisa kuupeleka mswada kwa wachapishaji wengine kama ulivyo. Wahariri hatuoni sawa, na huenda mwingine akampenda Iddi wa likizo kuliko mimi. Na iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Riwaya ni mojawapo ya nyanja zake. Ningekushauri uifikirie, ila baada ya kuzishughulikia kurasa hizo tisa.

Uliuliza pia kama kuna hatari ya hadithi yako kuchukuliwa. Kazi ni yako tangu ulipoiandika. Sisi hatuna haki yoyote juu yake, na hatujabaki na nakala. Nakala yako nimeifunga kwenye bahasha ngumu na itaondoka na basi la Jumatatu asubuhi. Nitakupigia kukupa jina la kondakta ili uifuate stendi Kondoa. Ndani utakuta alama zangu za penseli kwenye kurasa ya 143 hadi 151 peke yake. Pembeni ya kile kikohozi sikuandika neno, nimeweka tu mstari, kwa sababu usiku ule sikuwa na la kuongeza.

Nisalimie Mama, na mwambie bado naikumbuka ile asali mliyotuletea.

Wako katika kazi,

Rehema
Mhariri, riwaya na hadithi fupi
Dodoma