Nitue kidogo

Wagumu wenzangu tunaobeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, poleni na mvua.

Ule ujumbe wa afya ya akili niliouweka Jumatatu nimeufuta asubuhi hii. Ulikuwa na orodha ya dalili kumi, na chini yake niliandika kwamba mwenye tano ana sonona, basi aache pombe, asali, na ajichanganye na watu. Jana mwenzetu mmoja alinipitia pale ninapouza chai. Alikaa kwenye benchi akizungusha kikombe mpaka chai ikapoa, ndipo akasema, "Dada, nimehesabu, nimefika saba. Sasa mimi ni mgonjwa au ni mvivu?" Ameniruhusu niliseme hili bila jina lake. Nilikosa jibu. Mimi ni katibu wenu, si daktari, na sikupaswa kumfanya mtu ajihesabu peke yake usiku kwenye simu. Samahani sana. Nimeandika upya.

Tunajuana hali zetu. Wengi safari ya mwisho walishuka Mweka kabla mvua haijakolea, na mpaka Juni wageni warudi, kodi ya chumba Pasua haisubiri. Mtoto amerudishwa ada. Wapo wanaolala mchana kutwa, kisha usiku wamekodoa macho wakisikiliza mvua kwenye bati. Wapo ambao simu inaita wanaitazama tu hadi inakata. Wapo wanaomfokea mtoto kwa kumwaga maji, halafu roho inawauma mpaka kesho yake. Kama umejiona humo, sikupi jina la ugonjwa. Huenda ni ukata wa masika, huenda ni uchovu wa msimu mzima, huenda ni msiba ambao hukupata nafasi ya kuulilia kwa sababu safari ilikuwa inaanza kesho yake. Huenda ni jambo la kumwona mtaalamu. Kujua ni lipi kunaweza kungoja. Kukaa na mtu hakuhitaji kungoja.

Getini kila mzigo unapandishwa kwenye mizani, na ukizidi kilo 20 unapunguzwa, hakuna ubishi. Huu wa moyoni hauna mizani. Ndiyo maana wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiuona juu ya kichwa cha mwingine unadhani umejaa pamba. Na sisi tunaoitwa wagumu tuna shida ya ziada, jina lenyewe linatuziba mdomo. Lakini hebu kumbukeni tunavyofanya kazi. Mzigo mzito hakuna anayejitwika mwenyewe, mwenzako anakutwika. Mkifika kambini shingo imekaza, unamwambia yeyote aliye karibu, "Nitue." Anakutua. Hakuulizi kwa nini umechoka, wala hakuhesabii kambi ulizozipita.

Mwaka mmoja, kambi ya Karanga, nilificha kichwa. Kiligonga tangu asubuhi, nikanyamaza kwa kuogopa kushushwa na kukosa malipo. Aliyenigundua ni mpishi, na alichokiona ni kidogo tu: sikumaliza uji. Hakunihubiria. Alinipokea dumu la maji mkononi, akalibeba mwenyewe hadi jikoni, akarudi akaketi karibu yangu kwenye jiwe. Baada ya muda akauliza, "Kimeanza lini?" Nikajikuta nasema yote. Nilishushwa siku ile ile. Hadi leo namshukuru kwa ule ukimya wake kabla ya swali.

Kwa hiyo ukimwona mwenzako hamalizi uji wake, kwa maana yoyote ya neno hilo, mkaribie hivyo. Mpitie na ndizi kutoka nyumbani, au mwombe akusindikize Mbuyuni. Watu wengi huongea vizuri zaidi wakiwa wanatembea, kuliko wakikalishwa na kutazamwa usoni. Ukishauliza, mwache amalize. Maneno kama "jikaze", "mbona fulani ana shida kuliko wewe" au "ni mapepo hayo" yaache kwanza, hata kama unayasema kwa upendo. "Pole, sikujua, niambie zaidi" linatosha. Anayetaka kuombewa atasema, na tutaomba naye kwa moyo wote.

Kuhusu pombe nasema moja tu, kwa sababu wengi mmeniambia mnakunywa ili mlale. Usingizi wa pombe huja haraka, lakini hukatika katikati ya usiku, ndiyo maana saa tisa unajikuta uko macho na mawazo yote yamerudi. Ukipenda, jaribu siku mbili tatu bila, uone usingizi unakuwaje. Ila kama umezoea kunywa kila siku na ukikosa unatetemeka, usikate ghafla peke yako. Kuna hatari, pitia kwanza zahanati.

Sasa hili naliandika polepole. Ukifika mahali unawaza kwamba afadhali usiwepo, au kwamba nyumbani watapumua ukiondoka, tafadhali usibaki peke yako na wazo hilo usiku wa leo. Nipigie, hata kama ni saa nane za usiku. Namba ni ile ile mnayonipigia kuulizia marejesho. Sitakushangaa na sitapeleka habari kijiweni. Na wewe ukihisi mwenzako anawaza hivyo, muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humfungulia mlango wa kupumua. Akisema ndiyo, kaa naye, dawa za shambani na chochote cha kumdhuru kiondolewe ndani, na mumpeleke hospitali wakati huo huo. Hapo siri haiwekwi, mwambie hivyo kwa upole: "Hili siwezi kulibeba peke yangu, twende pamoja."

Kwa yasiyo ya dharura, unaweza kuanzia zahanati ya mtaani kwako. Mawenzi na KCMC pia wanahudumia afya ya akili. Mapokezi huna haja ya kueleza maisha yako mbele ya foleni, sema tu unaomba kumwona daktari kwa faragha. Atakuuliza umeanza lini, unalalaje, unakulaje, na huenda akapima mwili pia, kwa sababu uchovu na kukosa usingizi vina vyanzo vingi. Anayeona aibu kwenda peke yake, nitamsindikiza na kumngoja nje. Tayari nimefanya hivyo kwa wawili, na mlichokisikia kuwahusu ni hakuna, kwa sababu sikusema.

Jambo la fedha. Nilizungumza na kamati jana jioni. Marejesho ya Aprili na Mei yamesogezwa hadi Julai, bila faini, kwa yeyote atakayeomba. Huandiki barua wala hujielezi mbele ya kikao. Nitumie neno moja, "Nitue", nitajua unaomba hilo na nitasogeza jina lako kwenye daftari. Ukitaka kuongea pia, ongeza "na chai".

Alhamisi nitakuwa palepale kuanzia saa nane mchana, mvua inyeshe isinyeshe, benchi la ndani nimelisogeza mbali na barabara. Chai ya siku hiyo hailipiwi. Anayetaka kukaa kimya akaushe tu nguo zake karibu na jiko, naye aje.

Katibu wenu